Picha ya NIDA Ikitumwa Grupu Lisilo Lake

Kadi ya benki ikipotea, benki huifunga na kukupa nyingine yenye namba mpya. Nenosiri likijulikana, unalibadilisha ukiwa umekaa sebuleni. Namba ya kitambulisho cha taifa haina nafasi hiyo. Tarakimu zake 20 hutolewa mara moja, na mwenyewe huzeeka nazo. Ukienda Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa kuomba kadi nyingine kwa sababu ya kwanza imeharibika au imepotea, utapewa kadi mpya yenye namba ileile ya zamani. Kwa hiyo mtu aliyerusha picha ya kadi yake kwenye grupu la WhatsApp kwa bahati mbaya, akakimbilia NIDA kesho yake asubuhi kuomba kadi mpya, atapoteza nauli na muda. Kazi yake iko kwingine, na sehemu kubwa inafanyika kwenye simu ileile iliyomponza.

Tuchukue mfano wa kawaida kabisa. Mama mmoja yuko kwenye kikundi cha wanawake wanaoomba mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri. Katibu amemwambia amtumie picha ya NIDA inboksi ili aambatanishe kwenye fomu. Saa mbili usiku, huku anageuza chapati, mama anafungua WhatsApp, anachagua picha mbili, mbele na nyuma ya kadi, anabonyeza jina lililo juu kabisa, anatuma. Jina lililo juu si la katibu. Ni grupu la wazazi wa darasa la nne, lenye watu 140, wakiwemo wazazi ambao watoto wao walishahama shule na namba ambazo hakuna anayejua ni za nani. Anagundua baada ya dakika 40, mzazi mmoja anapomwandikia: "Dada, hii umekusudia?"

Atakachofanya katika dakika tano zinazofuata kina uzito kuliko yote atakayofanya wiki nzima, na hapo ndipo wengi huharibu.

Kosa la kwanza ni kutoka kwenye grupu. Aibu inamsukuma mtu kubonyeza "Exit group" kana kwamba akiondoka yeye, picha nayo itaondoka. Picha inabaki kwenye simu zote 140, na aliyetoka hana tena uwezo wa kuifuta kwa wengine. Kosa la pili ni kuchagua "Delete for me". Hiyo inafuta kwenye simu yako tu. Wewe huioni, wengine wote wanaiona, na kwa kuwa imetoweka kwako huwezi tena kuishika na kuifuta kwa wote. WhatsApp iliona watu wanaumia sana kwa kosa hili ikaweka kitufe cha "Undo" kinachojitokeza chini ya skrini kwa sekunde tano tu. Ukikiwahi, ujumbe unarudi na unaweza kuchagua upya. Kikishapita, hakirudi.

Chaguo sahihi ni "Delete for everyone": unaishika picha kwa kidole mpaka ijitie rangi, unabonyeza alama ya pipa la taka, unachagua neno hilo. Kama ulituma picha mbili, hakikisha umezishika zote mbili. Muda wa kufanya hivyo ni takribani siku mbili na nusu tangu ulipotuma. Zamani ilikuwa saa moja na dakika chache, ukaongezwa mwaka 2022. Mwaka huohuo admini wa grupu nao walipewa uwezo wa kufuta kwa wote ujumbe wa mwanachama yeyote. Hii inasaidia kama simu yako imezima chaji au ulishatoka kwa hasira: mpigie admini, usimwandikie, umwambie aifute yeye.

Lakini kabla ya kufuta kuna jambo dogo ambalo watu hawalifanyi, nami ningelifanya kama picha imeshakaa zaidi ya dakika chache. Shika picha, nenda kwenye "Info". Utaona orodha mbili: waliopokea, na waliosoma, kila mmoja na saa yake. Kwenye grupu orodha hii huonekana hata kwa watu waliozima alama za bluu. Piga picha ya skrini, kisha ndiyo ufute. Ukishafuta, orodha hiyo huipati tena, na bila orodha huna namna ya kujua kama picha ilionwa na watu sita unaowafahamu au watu 90. Ukiwa umegundua kosa ndani ya sekunde chache, achana na orodha, futa mara moja. Mama wa mfano wetu, baada ya dakika 40, ana sababu ya kutumia nusu dakika kupata majina. Tuseme amekuta waliosoma ni 31.

Kufuta kwa wote kunafanya nini hasa? Kunaondoa ujumbe kwenye mazungumzo ya kila mpokeaji na kuacha maneno ya kuonyesha kwamba ujumbe umefutwa. Kuna mahali kufuta huko hakufiki. Aliyeipiga picha skrini anayo. Aliyeisambaza kwingine, nakala aliyoisambaza inaendelea na maisha yake. Mwenye iPhone ambayo huhifadhi picha zenyewe anaweza kubaki nayo kwenye albamu yake hata ujumbe ukifutwa, na WhatsApp wenyewe wanalisema hilo waziwazi. Mwenye Android ambaye amewasha Google Photos ihifadhi picha za WhatsApp huenda nakala yake imeshapanda mtandaoni dakika ileile picha ilipofika. Kwa hiyo baada ya kufuta, mama asijiambie kwamba yamekwisha. Ajiambie kwamba idadi ya watu wenye picha imepungua kutoka 140 hadi wachache.

Hao wachache anawafikiaje? Wengi huandika tangazo kwenye grupu: "Jamani naombeni radhi, nimetuma kitambulisho changu kimakosa, naomba kila aliyekiona akifute." Nia ni njema, lakini tangazo hilo linawaamsha watu 109 ambao hawakuona chochote, na kama mmoja wao ana tabia, ataanza kutafuta kwenye albamu yake. Hapa ndipo ile picha ya skrini inapolipa. Mama anaweza kuwaandikia mmoja mmoja wale 31 waliosoma: "Mzazi mwenzangu, ile picha niliyotuma saa mbili ilikuwa ya mtu mwingine. Naomba uangalie kwenye picha za simu yako na Google Photos uifute. Ahsante." Wengi watafuta bila neno. Mmoja au wawili hawatajibu, na namba mbili tatu zitakuwa hazina jina wala picha. Hizo aziweke kando, aziandike kwenye daftari pamoja na tarehe na saa. Huenda zisiwe na ubaya wowote, lakini kama kuna jambo litatokea, ataanzia hapo.

Sasa tuje kwenye swali ambalo kila mtu hujiuliza akiwa kitandani usiku huo: mtu mwenye picha ya NIDA yangu anaweza kunifanyia nini?

Hofu ya kwanza huwa ni laini ya simu, kwamba mtu atasajili laini kwa jina langu, atapelie watu, nami nifuatwe na polisi. Hofu hiyo ina msingi, ila njia yake si fupi kama inavyodhaniwa. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole uanze Tanzania mwezi Mei 2019, namba ya NIDA peke yake haitoshi kusajili laini. Kidole kinahitajika, na kidole hakimo kwenye picha. Laini za majina ya watu zinazotumiwa na matapeli mara nyingi huzaliwa kwa namna nyingine: unaenda kwa wakala wa barabarani mwenye mwavuli kusajili laini yako, anakuambia kidole hakijasoma, weka tena, sasa weka cha kushoto, na kumbe kila ulipoweka alikuwa anasajili laini nyingine. Mwenye picha yako na bila kidole chako anahitaji wakala mbovu au mwanya kwenye mfumo. Haiwezekani kusema haitokei, na kwa bahati nzuri kukagua ni jambo la dakika moja.

Piga *106# kwa simu yako. Menyu itakayokuja hutofautiana kidogo kutoka mtandao hadi mtandao, lakini humo kuna sehemu ya kuangalia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kama una laini za mitandao miwili au mitatu, rudia kwa kila moja. Mama wa mfano wetu akikuta namba nne, tatu anazijua na ya nne hajawahi kuiona, asiipigie kuuliza ni nani. Aandike namba hiyo, aende duka la huduma la mtandao husika, duka lenyewe na sio kibanda, aweke kidole na kuomba ifutwe kwenye jina lake. Ukaguzi wa usiku wa kwanza unampa picha ya kuanzia. Ule wenye maana zaidi ni wa wiki mbili baadaye, na wa mwezi baadaye, kwa sababu anayepanga kutumia namba yako hana haraka kama yako.

Kuna mlango wa pili, na kwa maoni yangu ndio wenye hatari kubwa kuliko wa laini, ingawa hauzungumzwi sana. Ni simu ya mkononi ikiita.

Fikiria mama yule, siku nne baada ya tukio, anapokea simu. "Habari za leo mama? Unaongea na huduma kwa wateja. Tunahakiki usajili wa laini yako kabla haijafungwa. Naomba uthibitishe: jina lako ni hili, namba yako ya NIDA inaanza na 1984, 0615, ni sahihi?" Ni sahihi. Mtu anayejua jina lake kamili na namba yake ya NIDA hadi mwisho, mama ataamini vipi kwamba si wa kampuni? Wale matapeli wa "ile hela tuma kwa namba hii" hukamatwa kwa urahisi kwa sababu hawajui chochote kuhusu unayempenda wala unayemdai. Huyu anajua. Kinachofuata ni ombi dogo: "Utapokea ujumbe wenye tarakimu sita, nitajie ili nikamilishe." Tarakimu hizo ni ufunguo wa WhatsApp yake, au wa kitu kingine chochote tapeli alichojaribu kukifungua sekunde ile akiwa naye hewani.

Kwa hiyo picha ya kitambulisho, mikononi mwa tapeli, hutumika kwanza kukuaminisha wewe mwenyewe. Fedha haichukuliwi na picha. Wewe ndiye unayefunguliwa mdomo kwa picha. Ukilijua hilo, kinga yake ni rahisi kutamka japo ni ngumu kuitekeleza ukiwa na haraka: mtu anayekupigia akataja namba yako ya NIDA, hata akiitaja yote bila kukosea, hajathibitisha kuwa ni nani. Kata, kisha upige wewe mwenyewe namba ya huduma kwa wateja unayoijua.

Kuna maswali mengine ambayo mpigaji huyo anaweza kuyauliza yakaonekana hayana madhara. Shule ya msingi umesoma wapi? Ulimaliza mwaka gani? Jina la kwanza la mama yako? Anayewahi kuomba namba ya mlipakodi au kusajili jina la biashara kwa njia ya mtandao ataikumbuka hali hii: ukiingiza namba ya NIDA, mfumo hukuuliza maswali ya aina hiyohiyo, yanayotokana na fomu uliyojaza wakati wa kuandikishwa, ili kujua kama ni wewe kweli. Kwa maneno mengine, maisha yako ya zamani ndiyo nenosiri la namba yako. Mtu mwenye picha ya kadi anakosa majibu hayo tu, na mengine hana haja ya kukupigia. Yako kwenye ukurasa wako wa Facebook, palipoandikwa shule zote tangu darasa la kwanza na "Heri ya siku ya kuzaliwa mama yangu" pamoja na jina lake. Jioni moja ya kuficha mambo hayo inatosha.

Halafu kuna suala la tarehe. Namba ya NIDA huanza na mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, tarakimu nane zilizopangika bila kificho chochote. Sasa jiulize namba ya siri ya pesa zako za simu ni ipi. Kama ni mwaka wako wa kuzaliwa, au siku na mwezi, au mwaka uliogeuzwa, basi picha uliyorusha kwenye grupu ilibeba na namba ya siri. Ibadilishe usiku huohuo: M-Pesa ni *150*00#, Mixx by Yas, iliyokuwa Tigo Pesa, ni *150*01#, Airtel Money ni *150*60#, HaloPesa ni *150*88#, na sehemu ya kubadili namba ya siri imo ndani ya menyu ya akaunti yako. Usiweke mwaka wa kuzaliwa wa mtoto. Kwa wanaoishi na simu moja ya familia, namba hiyo ndiyo ya kwanza kukisiwa baada ya ya mwenyewe.

Ukiwa hapo hapo, fungua WhatsApp, nenda "Settings", kisha "Account", kisha "Two-step verification", uweke tarakimu sita zako mwenyewe. Kuanzia hapo, hata ukimtajia mtu ile kodi ya ujumbe kwa kupitiwa, bado atakwama kwenye namba ambayo hajui. Tarakimu hizi usimtajie mtu yeyote, hata awe na sauti nzuri kiasi gani.

Mlango wa tatu ni mikopo. Benki na taasisi zenye leseni hazimkopeshi mtu kwa picha ya kadi iliyookotwa. Zinataka uso wake, saini yake, mara nyingi na kidole. Wasiwasi uko kwa wakopeshaji wa kwenye simu, wale ambao mitaani tunawaita kausha damu, wengi wao wakiendesha bila leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zisizo na kibali. Programu za aina hii huomba picha ya kitambulisho, na zilizo makini kidogo huomba pia uipige picha kadi ukiwa umeishika karibu na uso wako. Hii inanipa nafasi ya kusema jambo ambalo watu hawalipi uzito: picha ya kadi peke yake na picha ya wewe umeshika kadi ni vitu viwili tofauti kabisa. Ya pili ndiyo inayomalizia utambulisho pale ambapo hakuna mtu wa kukutazama usoni. Kama uliyorusha kwenye grupu ni ya aina hiyo, chukua hatua zote zilizotajwa hapa bila kuchagua.

Utajuaje kama kuna mkopo kwa jina lako? Kwa wakopeshaji rasmi kuna kampuni za taarifa za mikopo zilizopewa leseni na Benki Kuu, ambazo ni Creditinfo Tanzania na Dun & Bradstreet Credit Bureau Tanzania. Mtu anaweza kuomba taarifa yake mwenyewe na kuona nani anamdai nini. Omba baada ya mwezi mmoja au miwili kupita; ukiomba kesho yake hakuna kitakachokuwa kimeandikwa. Kwa hao wasio rasmi dalili huja kwa mlango wa nyuma: ujumbe wa kudaiwa usichokopa, au rafiki anayekupigia kukuambia kuna watu wanamtukana wakisema wewe ni mdaiwa. Usilipe hata kidogo ili "wakuache", kwa sababu malipo ya kwanza ni kukiri deni. Hifadhi ujumbe, kisha nenda polisi.

Polisi wenyewe waendewe lini? Kama hakuna kilichotokea na grupu ni la ndugu, hakuna haja. Kama grupu ni kubwa, au kuna namba zisizojulikana kati ya waliosoma, mimi ningekwenda kuchukua RB hata kabla ya madhara. Askari wa zamu anaweza kukuambia hakuna kosa lililotendeka, na kwa maana fulani atakuwa sahihi, maana uliyetuma ni wewe. Mweleze kwa utulivu kwamba unataka iandikwe kuwa picha ya kitambulisho chako imesambaa tarehe fulani, bila ridhaa ya kutumiwa. Siku utakapoitwa kueleza laini au deni lenye jina lako, karatasi yenye namba ya RB iliyotangulia tukio itazungumza kwa niaba yako kuliko kiapo chochote cha baadaye. Ujumbe wa kitapeli utakaopokea katikati ya hayo yote utume pia kwenda 15040, namba iliyowekwa na TCRA kwa kazi hiyo, nawe utaelekezwa kutaja namba ya simu iliyokutumia.

Majirani zetu wa Kenya walionyeshwa jinsi namba tupu ya kitambulisho inavyoweza kutumika pasipo mtu kupoteza hata shilingi. Juni 2021 raia wengi waliingia kwenye tovuti ya serikali kuangalia uanachama wao, wakajikuta ni wanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawajawahi kujiunga navyo, wengine vyama ambavyo hawakuvijua kwa jina. Malalamiko yakamiminika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Hakuna aliyeibiwa kadi. Namba zao zilikuwa zimeandikwa kwenye madaftari ya walinzi mageti ya majengo, kwa mawakala wa pesa, kila mahali, na ni vigumu kusema zilizotumika zilitoka wapi. Jambo hili linafaa kumtuliza na kumtahadharisha mama yetu kwa pamoja. Namba yake imeshapita mikono mingi hata kabla ya usiku ule wa chapati. Grupu la wazazi limeongeza tu mikono mingine.

Kuna wakati atataka kujua sheria inamlindaje. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume inayoisimamia, ambayo hupokea malalamiko. Sheria hiyo haikuandikwa kwa ajili ya kumwadhibu mzazi aliyechelewa kufuta picha. Inawabana wanaokusanya taarifa za watu kwa kazi zao, kama vile mwajiri, mkopeshaji, shule au dalali wa ajira. Ofisi iliyokutaka utume kitambulisho kwenye grupu la wazi, au inayogoma kukiondoa ulipoomba, ndiyo ya kulalamikiwa. Kwa anayeitumia picha yako kujifanya wewe kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na njia yake inaanzia polisi.

Kuna watu watakaojitokeza kukusaidia kwa malipo: kijana anayesema ana mtu wake WhatsApp makao makuu, au "fundi" anayeweza kuingia kwenye simu za watu na kuifuta. Hakuna kitu kama hicho. Atakachoomba kwanza ni picha ya kitambulisho chako ili "aitambue".

Bado kuna katibu wa kikundi, ambaye mpaka sasa hajapata picha yake. Safari hii mama aitumeje? Kwanza aikatie njia mapema: kama fomu inahitaji mbele tu, nyuma haina kazi. Kama kinachohitajika ni jina na sura, aifunike namba kwa kipande cha karatasi juu ya kadi yenyewe ndipo apige picha. Watu hupenda kuchora juu ya picha kwa kalamu ya simu, na kalamu ile ya kupaka rangi nyepesi huacha tarakimu zinaonekana ukiongeza mwanga. Karatasi haina tatizo hilo. Kwa pasipoti, mwenye kuficha namba ya juu akumbuke mistari miwili ya chini yenye alama za <<<, maana namba ileile imeandikwa tena pale. Kama namba nayo inahitajika, aandike kwa kalamu ya wino kwenye karatasi ndogo "Kwa mkopo wa kikundi tu" pamoja na tarehe, aiweke juu ya sehemu ya kadi isiyo na maandishi muhimu, apige picha vyote pamoja. Picha yenye maandishi hayo haimfai mtu anayetaka kuombea mkopo mwingine mwezi ujao. Wakati wa kutuma, abonyeze kile kiduara chenye namba 1 pembeni ya sehemu ya kuandikia, ili picha ifunguliwe mara moja tu; simu ya mpokeaji haitairuhusu kuhifadhiwa wala kupigwa picha ya skrini kwa njia ya kawaida. Katibu anayetaka kuichapisha atalalamika. Basi ampelekee fotokopi mkononi, na mara nyingi hiyo ndiyo njia bora kuliko zote.

Na picha ya awali, ile iliyoko kwenye albamu ya simu yake, aifute akimaliza, pamoja na nakala iliyoko kwenye folda ya zilizofutwa. Wanaorusha kitambulisho mara ya pili huwa wanatoa picha ileile ya mara ya kwanza.

Kwa makatibu, walimu wa madarasa, madalali wa ajira na admini wa magrupu yote: acheni kuandika "kila mtu atume NIDA yake hapa". Pokeeni kimoja kimoja, inboksi au mkononi, na mkishamaliza kazi mfute. Na ukiona mwenzako amerusha chake kwenye grupu, usimcheke wala usimwekee alama ya mshangao. Kama wewe ni admini kifute hapo hapo. Kama si admini, mpigie simu sasa hivi.